Fremu nane juu ya kochi: reli au misumari? (ukuta wa bloko, Tudor)

Mwana_Tudor
Assalamu alaikum wanajukwaa. Nina fremu nane za picha za familia, zote saizi moja: sentimita 32 kwa 42 ukipima kwa nje, mbele kioo, nyuma hadibodi. Nataka zikae juu ya kochi, mistari miwili, kila mstari fremu nne zilizosimama wima. Ukuta ni wa bloko zilizopigwa plasta, upana wake sentimita 340, dari iko kwenye 280. Kochi lina urefu wa 200 na mgongo wake unafika 85 kutoka sakafuni. Limekaa katikati ya ukuta. Sebule ina pangaboi, na dirisha la upande wa bahari ambalo msimu wa kusi halifungwi.

Duka moja limenionyesha reli ya alumini ya kufungwa juu ya ukuta karibu na dari, na kamba zake za kuning'iniza picha. Fundi aliyekuja kupima ananiambia nipige misumari nimalize. Kipi kinafaa, na nafasi kati ya fremu nizipange vipi? Nyumba ni ya kupanga.

Kijana_Bombolulu
Misumari, tena ile ya simiti, inchi mbili. Ile ya mbao usiinunue kwa ukuta wa bloko, itapinda pigo la tatu. Piga ikiwa imeinamia chini kidogo upande wa ndani, kichwa kielekee juu, ili fremu isiteleze. Nyuma ya kila fremu funga waya, lakini uulegeze, maana waya uliokazwa sana hufanya kulabu ibebe uzito mara mbili. Nafasi acha sentimita kumi, picha zipumue.

Fundi_Kisauni
Mwana wa Tudor, kabla ya kuchagua kulabu, jua uzito. Kioo huwa na kilo 2.5 kwa kila mita moja ya mraba kwa kila milimita moja ya unene. Fremu yako ya 32 kwa 42 ina kioo cha kama 30 kwa 40, yaani mita ya mraba 0.12. Kioo cha milimita 2 hapo ni gramu 600. Hadibodi ya milimita 3 ni kama gramu 300, na mbao ya fremu yenyewe kama nusu kilo. Jumla ni karibu kilo moja na nusu. Kama unataka uhakika, panda kwenye mizani ya bafuni ukiwa umezibeba zote nane, kisha panda mikono mitupu, utoe. Hesabu yangu ni kilo 12 kwa zote.

Kwa hiyo kwenye kazi yako uzito si tatizo, kwa reli wala kwa msumari. Tatizo lako ni unyoofu. Fremu nane zinazofanana zikipangwa kama vigae, jicho huona milimita tatu za kupotoka kutoka mlangoni. Kila picha ingekuwa na saizi yake, usingeona hata sentimita moja.

Kijana wa Bombolulu, la kuinamisha msumari ni sawa kabisa, na la waya umelishika nusu. Kulabu moja hubeba uzito wa fremu basi, waya ukiwa umekazwa au umelegea. Kinachozidi ni mvuto ndani ya waya wenyewe na kwenye skrubu za vipete vinavyoushika. Waya ukipanda kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa, kila upande huvutwa sawa na uzito wote wa fremu. Ukiwa umenyooka sana, tuseme nyuzi 10, kila upande huvutwa karibu mara tatu. Kwa fremu ya kilo moja na nusu si kitu. Kwa picha ya kilo kumi ni karibu kilo 29 kila upande, na hapo utakuta kulabu imebaki ukutani salama na kipete kimeng'oka kwenye mbao ya fremu. Ukikuta fremu chini, tazama kwanza nyuma yake kabla ya kulaumu ukuta.

Mwana_Tudor
Fundi, shukran. Sasa unyoofu huo unapatikana kwa reli au kwa misumari? Yule wa dukani anasema reli ndiyo hunyoosha, kwa sababu zote zinaning'inia kwenye chuma kimoja.

Fundi_Kisauni
Reli hunyoosha ncha za juu za kamba, haikuhakikishii kilicho chini yake. Tuichukue ikiwa imefungwa kwako. Fremu mbili mbili kwenye safu nne. Ukitumia kamba moja kwa kila safu, fremu itazunguka kwenye kamba hiyo kila pangaboi likiwashwa, na upepo wa kusi ukiingia dirishani zitagongana na kuchora rangi ya ukuta kwa pembe za chini. Basi utaweka kamba mbili kwa kila safu: kamba nane, kulabu ndogo kumi na sita za kuteleza. Kila kulabu unaipandisha na kuishusha kwa mkono mpaka ilingane na mwenzake na jirani wa safu ya pili. Kamba za nailoni hurefuka kidogo zikishapata mzigo, kwa hiyo inabidi usubiri siku moja na urekebishe tena. Halafu, kutoka dari hadi fremu za juu utakuwa unaona kamba nane za zaidi ya sentimita 80 zikishuka ukutani. Kuna wanaolipenda hilo. Mimi kwa picha ndogo za familia siliafiki.

Reli ni kifaa kizuri kwa mtu anayebadilisha picha kila mara, au kwa ukuta usiotaka kutobolewa pengi. Fremu nane ambazo hazitahama zinataka kila fremu ishikwe sehemu mbili ukutani.

Bi_Kibokoni
Hapo pa "ukuta usiotaka kutobolewa" nataka kuongeza, kwa sababu walio Mji wa Kale wakisoma uzi huu wakachukua shauri la Bombolulu watajuta. Nyumba zetu za huku ni mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa, ukuta mnene wa nusu mita na zaidi, jamaa ya kuta za Ngomeni. Ukipiga msumari wa simiti kwa nyundo, chokaa inaachana na jiwe na unashuka nayo kipande cha upana wa sahani. Na jiwe lenyewe halina ugumu mmoja: hapa gumu, sentimita mbili pembeni kuna tundu la konokono wa baharini na msumari unazama wote.

Kwa ukuta wangu mimi nimeweka reli, na sababu yangu ni moja. Reli ya mita mbili inahitaji matundu matano tu, na mahali pa tundu naweza kupasogeza kushoto au kulia hadi nipate jiwe gumu, kwa sababu reli haijali skrubu iko wapi hasa. Fremu inajali. Ukiwa na fremu nane za kushikwa sehemu mbili ni matundu kumi na sita, na kila moja lazima liwe pale pale.

Fundi_Kisauni
Bi Kibokoni umesema kweli, na kwa ukuta wa matumbawe nami ningeweka reli bila kubishana. Ukitoboa huko, zima mtetemo wa nyundo wa drili, uzungushe polepole kwa biti ya ukutani, na utumie rolplagi ndefu, milimita 8 kwa 60 hivi. Vumbi jeupe likitoka kavu na drili ikipata upinzani ule ule hadi mwisho, umepata jiwe. Drili ikikimbia ndani ghafla, achana na hapo, sogea. Skrubu za reli ziwe kila sentimita 50, na ya mwisho isipite sentimita 10 kutoka ncha. Reli ikianza kupinda, hupinda kwenye ncha isiyoshikwa.

Nyali_Sebule
Habari zenu. Mimi nina kioo cha kujitazamia cha 80 kwa 120, unene milimita 4, nataka kukitundika juu ya meza ya mlangoni. Naona mnasema reli ni kilo 20 kwa mita, sasa nikiweka reli ya mita moja kitakaa?

Fundi_Kisauni
Dada wa Nyali, hapa hakuna aliyetaja kilo 20, ila ni kweli reli nyingi nyepesi huandikwa kiasi hicho kwenye boksi. Kioo chako peke yake ni mita ya mraba 0.96 mara kilo 10, yaani kilo 9.6, na fremu ikiongezwa utafika 13 au 14. Kwa hesabu reli ingebeba. Lakini kulabu ndogo za kamba nazo zina kiwango chao, mara nyingi chini ya cha reli, na mlangoni kioo hicho kitapigwa na upepo kila mtu akiingia. Weka mbao mbili zilizokatwa mshazari wa nyuzi 45, moja kwenye ukuta na moja mgongoni mwa kioo, ya kioo ikae juu ya ile ya ukuta kama mdomo ndani ya mdomo. Skrubu nne na rolplagi za milimita 8. Ukitaka zaidi, fungua uzi wake tuuongee huko.

Gundi_Tu
Kwani mbona hakuna anayetaja zile stripu za gundi za kubandika? Nyumba ni ya kupanga. Fremu ya kilo moja na nusu inabebwa na stripu nne, hakuna tundu, hakuna vumbi, ukihama unavuta zinatoka.

Bi_Kibokoni
Mwanangu, zinatoka na rangi. Stripu hushika rangi, haishiki ukuta. Nyumba nyingi za kupanga hapa zimepakwa rangi ya maji ya bei nafuu juu ya ile ya zamani. Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga, gundi haina cha kushika.

Gundi_Tu
Ukipangusa kwa spiriti na kungoja rangi mpya ikauke kabisa zinashika vizuri, ndivyo wanavyoeleza kwenye pakiti. Mimi ninazo chumbani kwenye rangi ya mafuta, hazijatoka.

Fundi_Kisauni
Kwenye rangi ya mafuta laini nakubali. Kwenye rangi ya maji, juu ya kochi ambapo watu wanakaa chini ya kioo, sikubali. Joto na unyevu wa hapa huilainisha gundi pole pole, na inapoachia haitoi dalili. Skrubu ikilegea utaona fremu imeinama siku nyingi kabla haijaanguka.

Mwana_Tudor
Basi nimeamua skrubu, mwenye nyumba amekubali bora nizibe nikihama. Naomba vipimo.

Fundi_Kisauni
Haya. Nafasi kati ya fremu, kwa saizi yako, ni sentimita 6. Zile 10 alizosema Kijana wa Bombolulu zinafaa fremu kubwa za 60 kwa 80. Kwa fremu ya upana wa 32 kumi ni karibu theluthi ya fremu yenyewe, na zitaonekana picha nane zilizopotezana.

Upana: fremu nne za 32 ni 128, nafasi tatu za 6 ni 18, jumla 146. Kochi ni 200, kwa hiyo picha zinachukua karibu robo tatu ya kochi, panapendeza. Urefu: 42 mara mbili na 6, jumla 90. Acha sentimita 20 juu ya mgongo wa kochi ili kichwa cha mtu kisigonge fremu. Ukingo wa chini kabisa unakuwa kwenye 105 kutoka sakafuni na wa juu kabisa 195. Katikati ya kundi zima ni 150.

Ukuta ni 340, nusu yake 170. Toa nusu ya 146, yaani 73, unapata 97. Hapo ndipo ukingo wa kushoto wa fremu ya kwanza unapoanza. Zinazofuata zinaanza 135, 173 na 211. Fremu ya mwisho inaishia 243, na kutoka hapo hadi pembe ya ukuta ni 97 tena, ndivyo unavyojua hesabu imefunga. Vipimo hivi vyote vinne vipime kutoka pembe moja ya kushoto. Ukipima kila fremu kutoka kwa jirani yake, kosa la milimita 2 linajikusanya, na ya nne itakuwa imesogea zaidi ya nusu sentimita.

Kingo za juu za mstari wa juu ziko 195, za mstari wa chini 147. Chora mistari hiyo miwili kwa penseli nyepesi. Usiamini sakafu wala dari kwa usawa, majengo yetu mengi yameinama. Tumia pimamaji ndefu, au mpira wa maji unaong'aa wanaotumia waashi. Huo haudanganyi.

Sasa kosa linaloharibu kazi nyingi. Watu hupima ukingo wa juu wa fremu, wakapiga msumari kwenye mstari ule ule. Fremu haining'inii kwa ukingo wake. Inaning'inia kwa kipete kilicho sentimita kadhaa chini, na vipete havikufungwa sawa kwenye fremu zote nane hata kama zimetoka duka moja. Kwa hiyo fanya hivi: kata karatasi nane za kaki za 32 kwa 42. Laza fremu kifudifudi, weka karatasi juu ya mgongo wake, itoboe kwa msumari pale hasa skrubu itakapokaa ndani ya vipete viwili, juu kabisa ya tundu la kipete. Kisha geuza karatasi kama unavyogeuza ukurasa kabla ya kuibandika ukutani, maana ulichotoboa ni mgongo na kushoto kumekuwa kulia. Andika namba moja kwenye karatasi na kwenye fremu yake. Bandika zote nane ukutani kwa tepu ya karatasi, ukingo wa juu kwenye mstari wako. Rudi nyuma hadi mlangoni, utazame. Karatasi ikikukera, sogeza sasa.

Mwalimu_Likoni
Naafiki yote isipokuwa ile 150. Kumbi nyingi za maonyesho huweka katikati ya picha kati ya 145 na 150, lakini hapo mtu anatazama akiwa amesimama. Sebuleni kwetu watu wamekaa. Mimi ningeshusha kundi lote hadi 145, ibaki 15 juu ya kochi.

Fundi_Kisauni
Mwalimu, kwa mtu aliyekaa ng'ambo nakuelewa. Ila mgongo wa kochi si pale kichwa kinapoishia; mtu mrefu akiegemea, kichwa kinapanda juu ya mgongo huo na 15 inakuwa finyu. Mwenye kochi aketi, mtu mwingine ampime. Wewe shusha ukiona nafasi ipo.

Tuendelee na kutoboa. Kwanza angalia swichi na soketi: nyaya hupanda wima kutoka kwenye swichi hadi dari, basi usitoboe kwenye mstari ulio juu au chini yake moja kwa moja. Kwa ukuta wako chukua biti ya milimita 6, rolplagi za 6, skrubu kumi na sita za 4 kwa 50. Toboa kupitia kwenye karatasi, anza bila mtetemo mpaka biti ishike, ndipo uwashe, la sivyo biti hutembea. Kina kiwe milimita 55. Funga tepu kwenye biti kuonyesha kina. Plasta ina unene wa milimita 15 hadi 20, na rolplagi fupi ikikaa ndani ya plasta pekee hung'oka na kipande cha plasta. Isukume hadi iingie kwenye bloko. Utajua umefika bloko kwa rangi ya vumbi kubadilika na drili kuanza kunguruma. Bloko ikiwa ya tundu na drili ikadumbukia, badilisha rolplagi, tumia ile inayojikunja kwa nyuma skrubu ikikazwa.

Acha skrubu itokeze milimita 5 kipete kikae. Tundu likitoka chini kwa milimita moja au mbili, usitoboe upya pembeni, matundu mawili yatakuwa moja. Zungushia tepu kwenye shingo ya skrubu, kipete kitapanda.

Mwana_Tudor
Na skrubu zenyewe? Za njano zimejaa kila hadweya.

Bi_Kibokoni
Karibu na bahari za njano hazidumu, hupiga kutu na kutu hiyo huteremka ukutani kama machozi. Chukua stenlesi. Na vipete vya nyuma ukivikuta na vidoa tayari, vibadilishe navyo.

Fundi_Kisauni
Naam. Na pembe mbili za chini za kila fremu bandika vipande vya mpira vya milimita 3 hadi 5. Skrubu inasukuma fremu mbele kwa juu, bila mpira chini inaegemea ukuta na fremu inakuinamia. Tena hewa ikipita nyuma, hadibodi haishiki ukungu msimu wa mvua za masika.

Kijana_Bombolulu
Hilo la vipande vya mpira sikulijua. Fundi, na mimi nikiwa na waya tayari kwenye fremu, lazima niutoe?

Fundi_Kisauni
Si lazima. Weka kulabu mbili badala ya moja, kila moja kwenye robo ya upana wa fremu kutoka ukingo wake. Fremu haitazunguka. Ila kupima itabidi uuvute waya juu kwa vidole viwili mahali kulabu zitakapokuwa, upime kutoka hapo hadi ukingo wa juu. Na kumbuka unaweka alama ya mdomo wa kulabu. Msumari wake unaingia sentimita mbili au tatu juu ya hapo, kutegemea kulabu uliyonunua.

Mwana_Tudor
Nimebandika karatasi zote nane. Kwenye ya tatu, mstari wa chini, tundu moja linaangukia juu ya soketi ya televisheni, wima kabisa. Nihamishe fremu?

Fundi_Kisauni
Usihamishe fremu, hamisha kipete. Kifungue mgongoni mwa fremu, ukisogeze sentimita 5 kuelekea katikati, na mwenzake wa upande wa pili naye 5, ili fremu isielemee upande mmoja. Toboa mbao kwanza kwa biti ya milimita 2, isipasuke. Kisha toboa karatasi upya.